Picha ya ripoti isiyosema kitu: kutafuta kosa kwenye maelezo na maandishi mbadala

Ripoti ya mradi isiyo na picha siku hizi hairudi salama kutoka kwa mfadhili. Picha ndiyo ushahidi kwamba makinga maji yamechimbwa, kisima kimefungwa pampu, na mafunzo yamefanyika kweli chini ya ule mti. Kwa msomaji asiyeona, ushahidi huo hupita kwenye milango miwili. Wa kwanza ni maelezo ya picha, yaani ile sentensi inayochapwa chini ya picha na kusomwa na kila mtu. Wa pili ni maandishi mbadala, ambayo hukaa ndani ya faili, hayachapwi kwenye karatasi, na husomwa kwa sauti na kisoma skrini kama NVDA kwenye kompyuta au TalkBack kwenye simu ya Android pale kinapoifikia picha.

Makosa mengi huanzia hapo, kwa kuchanganya kazi za hivyo viwili. Maelezo ya picha hubeba yale ambayo hata mwenye macho mazuri hawezi kuyajua kwa kutazama: ni wapi, ni lini, ni nani, na kwa nini picha imewekwa. Maandishi mbadala hubeba yale ambayo mwenye macho anayaona na asiyeona anayakosa. Ukiushika mgawanyo huo, dawa ya dalili nyingi zilizomo humu utaipata mwenyewe.

Mfano nitakaoutumia ni ripoti ya robo mwaka niliyoitunga kwa ajili ya maelezo haya. Ni ya mradi wa makinga maji na kisiki hai, yaani kutunza machipukizi ya visiki hadi yawe miti tena, katika kijiji kimoja wilayani Chamwino, mkoa wa Dodoma. Wilaya hiyohiyo ina shule ya wasioona ya Buigiri, kwa hiyo anayedhani kwamba msomaji asiyeona ni mtu wa kufikirika tu afike huko.

Kabla ya kutibu, sikiliza. NVDA ni programu ya bure ya Windows. Iwashe, bonyeza `Insert` na `N` kwa pamoja, ingia `Tools`, kisha chagua `Speech viewer`. Litafunguka dirisha dogo linaloandika kila neno ambalo programu inatamka, na hilo humsaidia sana mwenye macho ambaye sikio lake halijazoea ile sauti ya haraka. Fungua PDF ya ripoti yako, rudi mwanzo kwa `Ctrl+Home`, bonyeza `Insert` na mshale wa chini, uache isome. Usilifungue faili la Word ukadhani umepima. Pima kile ambacho msomaji atapokea.

Ripoti nzima iko kimya

Kisoma skrini kinafungua faili, kinataja jina lake, kisha hakuna kinachofuata. Au kinasema ukurasa hauna kitu, wakati wewe unauona umejaa maneno.

Sababu, katika ofisi zetu, karibu kila mara ni muhuri. Ripoti imeandikwa vizuri kwenye Word, ikachapwa, mkurugenzi akasaini, katibu muhtasi akagonga muhuri, kisha kurasa zote zikapitishwa kwenye skana na kutumwa. Kilichotumwa sasa ni picha za kurasa. Maneno yenyewe hayamo tena, sembuse maandishi mbadala. Unaweza kujua bila kisoma skrini chochote: jaribu kuteua neno moja kwa mausi. Likikataa kuteuliwa peke yake, umeshika picha ya neno.

Dawa si kuacha kusaini. Skani ukurasa wa saini peke yake na utume mafaili mawili: ripoti iliyohifadhiwa moja kwa moja kutoka Word, na ukurasa wenye saini na muhuri kama kiambatisho. Mpokeaji akisisitiza kwamba anataka ripoti yote ikiwa na muhuri, mpe hiyo pamoja na ile inayosomeka. Kuna programu zinazoweza kuyarudisha maneno kutoka kwenye kurasa zilizoskaniwa, lakini haziwezi kurudisha maandishi mbadala, kwa sababu hayakuwahi kuonekana kwenye karatasi.

Maneno yanasomwa, picha zinarukwa

Hapa ripoti inasomeka vizuri, ila kila penye picha kisoma skrini kinasema tu kwamba kuna picha, au kinapita kama hakuna kitu. Chunguza sababu mbili, na uanze na iliyo rahisi.

Rudi kwenye Word, bofya kulia juu ya picha, uchague `View Alt Text` (katika matoleo mengine imeandikwa `Edit Alt Text`). Kama kisanduku kiko tupu, umeshapata jibu: hakuna aliyeandika. Kuzikagua zote kwa mpigo, nenda `Review`, kisha `Check Accessibility`, na Word itakuorodheshea picha zisizo na maandishi. Ujue tu mpaka wa chombo hicho: kinaangalia kama kuna kitu kisandukuni, hakiangalii kama kitu hicho kina maana. Ukiandika herufi moja kitaridhika.

Kama kisanduku kimejaa na bado PDF iko kimya, kosa liko kwenye namna PDF ilivyotengenezwa. Wengi wetu tumezoea kwenda `Print` na kuchagua `Microsoft Print to PDF`. Njia hiyo kwa kawaida inalitendea faili kama karatasi: inachukua sura ya ukurasa na kuacha kila kilichofichwa nyuma yake. Tumia `Save As`, chagua PDF, fungua `Options`, na uhakikishe `Document structure tags for accessibility` imewekewa alama ya tiki. Kisha pima upya kwa NVDA. Ni jambo la dakika moja, na linaokoa kazi ya siku nzima ya kuandika.

Anasikia jina la faili, au Kiingereza ambacho hukukiandika

"IMG-20250312-WA0007." Hilo ndilo jina ambalo WhatsApp huipa picha, na kuna matoleo ya zamani ya Word yaliyokuwa yakilichukua jina la faili na kulitia kwenye kisanduku cha maandishi mbadala bila kuuliza. Kwa kuwa kisanduku hakiko tupu, ukaguzi wa Word unaweza usikulalamikie. Futa, andika upya.

Jina hilo lina mtego mwingine. Tarehe iliyomo ni ya siku picha ilipopita kwenye WhatsApp, na si lazima iwe siku ilipopigwa. Mwandishi anayejaza "Machi 12, 2025" kwenye maelezo ya picha kwa kusoma jina la faili anaweza kuwa ametaja siku ambayo afisa ugani alipata mtandao. Picha iliyopita huko kama picha ya kawaida pia hupoteza taarifa za kamera, pamoja na saa na tarehe halisi. Mwombe aliyepiga akutumie faili la awali kama hati, au aangalie kalenda yake.

Kile Kiingereza kinatoka kwenye Word yenyewe, ambayo katika matoleo ya karibuni hujaribu kuikisia picha. Inaweza kukupa kundi la watu waliosimama shambani, na kweli ni watu na kweli wako shambani. Haijui kwamba wanapima mteremko kwa fremu ya A kabla ya kuchimba kinga maji, na hilo ndilo jambo pekee lililofanya picha iwekwe. Kwenye `File`, `Options`, `Accessibility` kuna mahali pa kuuzima ukisiaji huo, nami ningeuzima.

Kwa wanaonakili ripoti ya robo iliyopita na kubadilisha picha tu: fungua kila kisanduku. Picha mpya inaweza kukaa juu ya maneno ya picha ya zamani, na hapo msomaji anaelezwa kisima wakati wenzake wanatazama kitalu cha miche.

Anasikia jambo lilelile mara mbili

"Wanakikundi wakipogolea visiki." Kisha mara moja tena: "Picha Na. 2: Wanakikundi wakipogolea visiki." Mwandishi alinakili maelezo akayabandika kwenye kisanduku cha maandishi mbadala ili ukaguzi upite. Mwenye macho haoni kosa lolote, lakini anayesikiliza amepotezewa muda mara mbili na bado hajapata kilichomo pichani.

Gawa kazi. Katika picha hiyo, tuseme kuna mwanamume ameinama na panga mkononi, mbele yake kisiki chenye machipukizi mawili yaliyobakishwa, moja limefungwa kitambaa chekundu, na pembeni kuna rundo la matawi yaliyokatwa. Hayo yanaonekana, kwa hiyo ni ya maandishi mbadala. Lakini kwa nini kitambaa? Mwenye macho naye hajui. Anaweza kudhani ni takataka iliyonasa. Kitambaa ni alama inayowaambia wachungaji na wakata kuni kwamba chipukizi hilo limechaguliwa litunzwe. Hilo ni la maelezo ya picha, ambako watu wote watalipata:

> Maandishi mbadala: Mwanamume ameinama na panga kando ya kisiki kilichobakiziwa machipukizi mawili. Moja limefungwa kitambaa chekundu. Matawi yaliyokatwa yamerundikwa pembeni.
>
> Picha Na. 2: Mwanakikundi akipogolea kisiki, Chamwino, Novemba 2024. Kitambaa ni alama kwamba chipukizi limechaguliwa kukua na lisikatwe.

Huhitaji kuanza na "Hii ni picha ya". Kisoma skrini kimeshatangaza kwamba ni picha.

Anasikia maelezo, lakini hajui ni ya picha ipi

Maelezo ya Picha Na. 5 yanasomwa baada ya Picha Na. 7, au yote yanasomwa kwa mfululizo mwishoni mwa ukurasa. Kwenye skrini kila kitu kimepangwa vizuri.

Tatizo ni picha zinazoelea. Mtu akitaka kuisogeza picha kwa uhuru, Word humpa mipangilio ya kuizungushia maneno, na picha hiyo huacha kuwa sehemu ya mtiririko wa aya. Jicho linaiona ilipo, ila kisoma skrini kinafuata mpangilio wa ndani ya faili, ambao unaweza kuwa mwingine kabisa. Ubaya huongezeka ukiweka maelezo kwa `Insert Caption` juu ya picha inayoelea, kwa sababu Word huyatia maelezo hayo ndani ya kisanduku cha maneno ambacho nacho kinaelea. Sasa una vitu viwili visivyofungamana. Ukaguzi wa Word hulitaja kosa hili kwa maneno `Image or object not inline`.

Bofya picha, fungua `Layout Options`, chagua `In Line with Text`. Fanya hivyo kwanza, ndipo uweke maelezo. Yatakaa kama aya ya kawaida chini ya picha. Ile tabia ya kubandika picha nne ukurasani kama albamu ya harusi, na chini yake mstari mmoja wa "Picha za matukio mbalimbali", haina dawa ya kiufundi. Chagua mbili zinazosema kitu na uondoe nyingine.

Anasikia kila kitu, na bado hajui picha inathibitisha nini

Hii ndiyo dalili ngumu, kwa sababu hakuna ukaguzi wa kompyuta utakaokuonyesha. Tuitazame kwa kirefu.

Katika ripoti yetu kuna jozi ya picha zilizopangwa bega kwa bega. Ndani ya aya imeandikwa: "Kama inavyoonekana katika Picha Na. 4, uoto umerejea kwa kiasi kikubwa." Chini ya picha: "Picha Na. 4: Hali ya eneo kabla na baada ya mradi." Maandishi mbadala: "Picha mbili za shamba."

Msomaji anayesikiliza amepata kauli, akaelekezwa kwenye ushahidi, akaenda, akakuta mlango umefungwa. Si kwamba maandishi ni mafupi mno. Ukiongeza maneno bila kujua picha ina kazi gani, utapata kitu kama hiki: "Picha ya kushoto inaonyesha eneo kavu lenye anga la buluu na mawingu machache. Picha ya kulia inaonyesha mwanamke aliyevaa kitenge cha njano na kijani akitabasamu kwa furaha katika mazingira mazuri ya kijani kibichi." Maneno yameongezeka, na ushahidi bado haupo. Mawingu hayahusiki. Kitenge hakihusiki. Furaha ni ubashiri. Kilichoonekana ni tabasamu, na watu hutabasamu wakiambiwa wapigwe picha.

Anza na kauli iliyo ndani ya aya, kisha uliza ni kitu gani pichani kinaibeba. Kauli inasema uoto umerejea. Ili picha ithibitishe hivyo, lazima mambo mawili yaonekane: kwamba ni eneo lilelile, na kwamba kuna kilichokua. Angalia tena. Nyuma ya picha zote mbili kuna mbuyu mmoja wenye tawi lililovunjika upande wa kulia. Huo ndio unaotuambia ni mahali palepale, na bila shaka aliyepiga alisimama pale kwa makusudi. Mwandishi wa kwanza hakuutaja kwa sababu aliuona kama mandhari tu. Kwa msomaji asiyeona, mbuyu huo una uzito kuliko vyote vilivyomo pichani. Kuhusu kukua: kushoto visiki vina machipukizi yasiyofika magotini, kulia kuna miti michanga, na mmoja unampita kimo mwanamke aliyesimama kando yake. Mwanamke yumo kwenye maelezo yetu kwa kazi hiyo, kuwa kipimo cha urefu.

Baada ya hapo uliza ni nini ambacho picha haiwezi kusema. Haisemi ilipigwa lini. Haisemi kama miti ilipandwa au ilichipua. Inabidi kumpigia simu afisa ugani, naye anajibu: ya kushoto ni Oktoba 2022, ya kulia ni Machi 2025, na hakuna mche hata mmoja uliopandwa.

Hapo mwandishi wa ripoti anatakiwa ashtuke kidogo. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuisha karibu na Aprili. Oktoba ni kilele cha ukame: nyasi zimeliwa au zimekauka, na miti mingi imepukutisha majani. Machi kila kitu ni kijani, hata pale ambapo hakuna mradi wowote. Jozi ya Oktoba na Machi inaonyesha mvua kabla haijaonyesha kisiki hai. Mwenye macho anavutwa na ule ukijani na kuamini, na mara nyingi hata hajagundua kwamba ameamini nyasi. Kwa hiyo miezi haiwezi kuachwa nje ya maelezo ya picha, na maandishi mbadala hayawezi kuweka nyasi na miti kwenye kapu moja.

Jozi bora ingekuwa ya mwezi uleule katika miaka miwili, Oktoba na Oktoba. Ikipatikana, itumie. Isipopatikana, andika hivi:

> Maandishi mbadala: Picha mbili za eneo moja, mbuyu uleule wenye tawi lililovunjika ukiwa nyuma katika zote. Kushoto, udongo mwekundu uko wazi na visiki vina machipukizi yasiyofika magotini. Kulia, visiki vimekuwa miti michanga, mmoja ukizidi kimo cha mwanamke aliyesimama kando yake. Nyasi zimefunika udongo.
>
> Picha Na. 4: Shamba la mwanakikundi wa kisiki hai, Chamwino, Oktoba 2022 (kushoto) na Machi 2025 (kulia). Miti yote imetokana na visiki vilivyokuwepo; hakuna iliyopandwa. Nyasi za picha ya kulia ni za msimu wa mvua.

Na aya nayo inabadilika. "Kwa kiasi kikubwa" haiwezi kubebwa na picha moja; inahitaji hesabu ya visiki katika eneo lililopimwa. Picha inaweza kubeba hiki: "Katika shamba la Picha Na. 4, machipukizi yaliyokuwa chini ya magoti yamekuwa miti michanga katika muda wa miezi 29, na mmoja umeshampita mtu kimo." Sasa msomaji aliyesikia aya tu, bila kufika kwenye picha, amepata hoja. Ndiyo maana napenda kuitafuta dalili hii kwa kufuta maneno "kama inavyoonekana" kila yanapotokea na kusoma sentensi iliyobaki. Ikiwa haina kitu ndani, basi hoja ilikuwa imeachiwa picha peke yake.

Kuhusu urefu, maandishi hayo ya Picha Na. 4 yanakaribia mwisho wa kile ningekubali. Kisanduku cha maandishi mbadala hakina aya, hakina vichwa, hakina jedwali, na msomaji husomewa kwa mkupuo mmoja. Kwa picha moja, sentensi moja au mbili hutosha. Ukijikuta unaandika ya tano, kuna uwezekano mkubwa kwamba unachoandika ni matokeo ya mradi, na matokeo yanakaa kwenye aya ambako kila mtu atayasoma. Maelezo ya picha nayo yaandikwe yakiweza kusimama peke yake, maana ripoti hizi husomwa kwa sauti kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na mtendaji anayesoma karatasi hana namna ya kuona maandishi mbadala.

Kuna maneno ndani ya picha, na hayasomwi

Miradi mingi sasa hutaka picha zenye majira ya nukta ya GPS, tarehe na jina la kijiji vilivyogandishwa kwenye kona na programu ya kamera. Kisoma skrini hakiyasomi kama maandishi ya ripoti, kwa sababu yamekuwa sehemu ya picha. Bango la mradi na jiwe la msingi ni hivyohivyo. Mahali na tarehe vihamishie kwenye maelezo ya picha kwa maneno ya kawaida. Tarakimu ndefu za majira ya nukta zipeleke kwenye jedwali la kiambatisho. Hakuna anayetaka kusomewa desimali sita katikati ya habari ya kisima. Bango likiwa ndilo mada ya picha, nakili maneno yake yaliyo muhimu kama yalivyo, pamoja na makosa yake ya tahajia kama ukaguzi ndio unaoripotiwa.

Maneno ni sahihi, lakini sauti inayavuruga

Kiswahili chako kinasomwa na sauti ya Kiingereza, na "machipukizi" hayatambuliki. Faili limebaki na lugha ambayo Word ilikuja nayo. Teua hati yote kwa `Ctrl+A`, nenda `Review`, `Language`, `Set Proofing Language`, uchague Kiswahili, kisha uhifadhi PDF upya. Sauti ya eSpeak NG inayokuja na NVDA ina Kiswahili, nayo hubadilika yenyewe faili likiitaja lugha vizuri na msomaji akiwa hajazima mpangilio huo kwake. Matamshi yake ni makavu, lakini yanaeleweka.

Picha ya pamoja na mgeni rasmi

Swali linalobaki kwa kila ripoti ni iwapo picha ya namna hii inahitaji maandishi au iwekewe alama ya `Mark as decorative`, ambayo huviambia visoma skrini viipite. Alama hiyo ni ya mistari ya urembo na nembo iliyorudiwa kila ukurasa. Picha yenye maelezo chini yake isiwekewe kamwe, kwa sababu maelezo yatasikika yakining'inia bila picha. Kwa picha ya pamoja, kazi kubwa ni ya maelezo: vyeo vya walioko mstari wa mbele, kutoka kushoto, tukio na tarehe. Maandishi mbadala yawe mafupi: "Watu kumi na wanane kwa mistari miwili mbele ya tangi la maji, watano wameketi na wengine wamesimama." Wahesabu kweli. Usimtaje mtoto kwa jina, na usimweleze mtu kwa ulemavu wake au umaskini unaoukisia kutokana na nguo, isipokuwa ulemavu huo ndio unaoelezwa na ripoti na mwenyewe ameridhia.